UZI: Swali la seti la Kidato cha Pili linanipa wanafunzi hasi 5. Nimekosea mimi au karatasi?

TuisheniYaJioni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Nafundisha tuisheni nyumbani kwangu hapa Morogoro, watoto wachache tu. Leo mama mmoja kanitumia WhatsApp picha ya swali la binti yake wa Kidato cha Pili. Linakusanywa kesho asubuhi. Swali ni la Kiingereza, nalitafsiri:

"Darasa lina wanafunzi 40. Wanafunzi 18 wanapenda Hisabati. Wanafunzi 12 wanapenda Fizikia. Wanafunzi 5 hawapendi somo lolote kati ya hayo. Tafuta idadi ya wanaopenda masomo yote mawili."

Nimefanya hivi. 40 − 5 = 35, hao ndio wanaopenda angalau somo moja. 18 + 12 = 30. Wa yote mawili ni 30 − 35 = −5.

Nimerudia mara tatu, nikachora na mchoro wa Venn, hasi tano iko palepale. Binti naye alipata −5, akaifuta ile alama ya kutoa akaandika 5. Mama anauliza kama kapata. Picha ni ya fotokopi, imekunjwa katikati, imepigwa chini ya taa ya njano. Sijamjibu bado, na ameshaona nimesoma ujumbe. Nimwambieje?

---

Bakora2

Mwalimu, unajipa presha bure. Watu hawawi hasi. Ni 5, mwambie binti kapata, mlale.

---

Mwl_Chaki

Ndugu TuisheniYaJioni, hesabu yako haina kosa. Iweke pembeni kidogo, ulipange hilo darasa kwa miguu.

Wapenda Hisabati 18 wasimame dirishani. Wapenda Fizikia 12 wasimame mlangoni. Wale 5 wasiopenda kitu watoke nje. Ili ujaze watu wengi kadiri inavyowezekana, sema hakuna hata mmoja anayependa yote mawili. Una 18 + 12 + 5 = 35. Darasa lina 40. Kuna watoto 5 wamekaa kwenye madawati, hawana dirisha, hawana mlango, na nje hawakutoka. Na ukisema kuna wanaopenda yote mawili, unawahesabu watu walewale mara mbili, kwa hiyo wasio na mahali wanaongezeka.

Hasi tano yako ndiyo hao. Ni upungufu wa watu 5 kwenye taarifa za swali, na ukiifuta alama ya kutoa unakuwa umefuta ushahidi.

Sasa wenye kushukiwa ni watatu, na nakuomba uwachunguze kwa mpangilio huu. Wa kwanza ni wewe: macho yako na tafsiri yako. Wa pili ni picha. Wa tatu ni karatasi yenyewe. Mara nyingi mtu anarukia wa tatu, anatangaza swali limekosewa, kumbe aliruka neno moja.

Kwa hiyo mwombe mama picha nyingine, ya ukurasa mzima mpaka pembe zote nne zionekane, mchana ikiwezekana au karibu na taa nyeupe. Aitume kama dokumenti, maana WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida inaibana, na vitu vidogo kama nukta na kipeo ndivyo vinavyoumia kwanza. Na utuambie swali lina sehemu (b) au halina. Umetupa kipande.

---

TuisheniYaJioni

Nimemwomba. Nimesoma tena Kiingereza chake neno kwa neno, tafsiri yangu haijaruka kitu kwenye kile ninachokiona. Ila mama kaniambia jambo: nyuma ya hizo fotokopi kuna ukurasa wa majibu. Jibu la (a) ni 5. La (b) limeangukia kwenye kunjo, halisomeki.

---

Bakora2

Nilisema mimi! Uzi ufungwe.

---

Mwl_Chaki

Bakora2, usifunge. Una nusu ya haki, na hiyo nusu ndiyo inayonifurahisha.

Tuseme kuna tarakimu moja imeharibika. Kama ile 18 ilikuwa 28, wa yote mawili ni 28 + 12 − 35 = 5. Kama ile 12 ilikuwa 22, ni 18 + 22 − 35 = 5. Kama darasa ni la 30 badala ya 40, waliobaki ni 25, na 30 − 25 = 5. Kama wasiopenda kitu ni 15 badala ya 5, tunarudi kwenye 25 ileile, jibu 5. Kila njia inaongeza kumi upande mmoja au kupunguza kumi upande wa pili, na kutoka −5 ukipanda kumi unafika 5.

Halafu kuna njia ya tano ambayo haigusi namba hata moja. Tuseme swali lilisema 18 wanapenda Hisabati *tu*, na 12 wanapenda Fizikia *tu*. Hapo unajumlisha 18 + 12 + 5 = 35, na wale 5 waliobaki kwenye madawati ndio wapenda yote mawili. Ndiyo maana kufuta alama ya kutoa kulileta jibu la nyuma ya kitabu: binti alifika kwa bahati mahali ambapo neno "tu" lingemfikisha kihalali.

Kwa hiyo (a) ni 5 kwa marekebisho yote hayo matano. Sijasema ni 5 kwa kila rekebisho duniani. Ukisoma ile 12 kama 17 unapata 0, na ukiisoma 32 unapata 15. Lakini jibu la nyuma linatuondolea hizo mbili.

Shida itaonekana tukifika (b).

---

Shangazi_wa_Kisauni

Hamjambo nyote, nawasoma kutoka Mombasa. Mwalimu, hili la maswali mabovu limenichosha. Wiki iliyopita mpwa wangu alileta picha ya swali hivi: gari laenda mjini kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, larudi kwa njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa, tafuta kasi ya wastani ya safari nzima. Umbali haukuandikwa popote! Nikamwandikia kwenye daftari kwamba swali halina taarifa za kutosha, amrudishie mwalimu. Mwalimu wake akaandika 48 kwa wino mwekundu. 48 aliitoa wapi, kama si kubahatisha?

---

Mwl_Chaki

Shangazi, pole, lakini hapo mwalimu wake yuko sawa. Weka umbali wowote unaoupenda. Sema mji uko kilomita 120: kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5, yaani 48. Sasa weka kilomita 60: kwenda saa 1, kurudi saa moja na nusu, kilomita 120 kwa saa mbili na nusu. Bado 48. Umbali hauna kazi kwenye jibu, ndiyo maana haukuandikwa.

Jaribio hilo tulishike, tutalitumia humu. Ukihisi kitu kimekosekana, kijaze kwa thamani mbili tofauti. Majibu yakifanana mara mbili, huenda hakikuhitajika, na hapo ukae utafute sababu. Yakitofautiana, umepata uthibitisho kwamba swali halijibiki bila hicho kitu, na unaweza kumwonyesha mtu yeyote hayo majibu mawili bila kubishana.

---

Shangazi_wa_Kisauni

Ala! Na mimi nilijumlisha 60 na 40 nikagawa kwa mbili, nikapata 50, nikaona 48 ni uzushi. Basi nimemkosea mwalimu wa watu. Nitamwomba radhi Jumatatu.

---

FundiMashine

Wakuu, mimi natengeneza mashine za fotokopi, nichangie hapo kwa mshukiwa wa pili. Watu wanadhani fotokopi ikikosea utaona doa au ukungu. Si lazima. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, David Kriesel, aliskani ramani ya nyumba kwenye mashine ya Xerox. Kwenye ramani kulikuwa na vyumba vitatu vyenye maeneo tofauti. Nakala iliyotoka ilionyesha vyumba vyote vitatu ni mita za mraba 14.13. Namba safi kabisa, nyeusi, hazina hata mkwaruzo.

Ile mashine ilikuwa inabana faili kwa kutafuta vipande vya picha vinavyofanana, inahifadhi kimoja, inakibandika kila mahali. Ikiona 6 na 8 ndogo zinakaribiana, inaweza kuziona ni kitu kimoja. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu baadaye.

Kilichomshtua ni kwamba chumba kilichochorwa kikubwa waziwazi kilikuwa na eneo sawa na kidogo. Yaani namba ziligombana na mchoro.

---

Bakora2

Kwa hiyo unasema mashine ya steshenari ya mtaani imebadilisha 28 kuwa 18?

---

FundiMashine

Hapana mkuu. Fotokopi za mtaani nyingi hazipitii huko, na hiyo ilikuwa kwenye kuskani. Nasema usiseme "namba inasomeka vizuri, basi ni sahihi". Kusomeka ni jambo moja.

---

TuisheniYaJioni

Picha mpya imefika, ukurasa mzima. Naeleza ninachokiona kwa sababu mama hajaniruhusu kuiweka hapa, ina jina la mtoto.

Moja: namba zote ziko wazi. 40, 18, 12, 5. Kunjo halipiti kwenye namba yoyote, linapita chini yake.

Mbili: fotokopi imekatwa ukingo wa kulia. Kwenye maswali mengine ya ukurasa huo kuna maneno yaliyokatwa katikati. Kila sentensi ya swali letu imeanza mstari wake. Mwisho wa mstari wa Hisabati, pembeni kabisa, kuna alama kama nusu duara. Mstari wa Fizikia hauna kitu.

Tatu: sehemu (b) ipo. Inasema "Tafuta idadi ya wanafunzi wanaopenda Hisabati". Nayo imeishia ukingoni.

---

Mwl_Chaki

Hii ni picha ya kufanyia kazi. Asante.

Tazama (b). Inauliza wangapi wanapenda Hisabati. Kama mstari wa kwanza kweli unasema "18 wanapenda Hisabati", basi swali linauliza kitu lilichokwisha kukupa. Mtunzi hafanyi hivyo. Lakini kama mstari ulikuwa "18 wanapenda Hisabati tu", (b) inakuwa swali halali: 18 ongeza 5 ni 23. Na kwa Kiingereza neno lenye maana ya "tu" linaanza na herufi o. Nusu duara yako iko mahali pake.

Nadhani "tu" zimekatwa na ukingo. Sababu moja inaeleza kila kitu.

---

Bakora2

Mwalimu, subiri. Mimi si mtu wa hesabu, nimewahi kupanga kurasa kwenye kiwanda cha uchapaji. Kwa Kiingereza neno la Hisabati lina herufi kumi na moja, la Fizikia lina saba. Maneno mengine yote ya hizo sentensi mbili yanafanana. Kwa hiyo mstari wa Fizikia ni mfupi kwa herufi nne hivi. Kama mkasi ulibakiza nusu ya o kwenye mstari wa Hisabati, kwenye mstari wa Fizikia ungebakiza karibu neno zima. Na yeye kasema hakuna kitu.

---

Mwl_Chaki

Hapo umenishika.

Ngoja nione kama "tu" moja inatosha. Hisabati tu 18, na Fizikia 12 wakiwemo wa yote mawili, na 5 wa nje. 18 + 12 + 5 = 35. Wale watoto 5 bado wako kwenye madawati. Haitoshi. Kwa hiyo ama "tu" ziwe mbili, ama kosa liko kwenye namba.

Ili nadharia yangu isimame, lazima mchapaji awe amesahau ile ya pili kabla hata mashine haijaikata ya kwanza. Inawezekana, lakini sasa nahitaji makosa mawili. Na upande wa namba nako kunahitaji mawili: tarakimu moja mbovu, na (b) iwe nayo imepoteza "tu" ukingoni, ili iulize "wanaopenda Hisabati tu". Nusu duara inaweza kuwa uchafu wa kioo.

Na hapo ndipo majibu yanapoachana. Kwa "tu" mbili, (b) ni 23. Kwa 18 kuwa 28, wa Hisabati tu ni 28 − 5 = 23. Lakini kama kosa liko kwenye 12, au kwenye 40, au kwenye ile 5, wa Hisabati tu ni 18 − 5 = 13. Ni lile jaribio la Shangazi: tumejaza pengo kwa njia tofauti, tumepata 23 na 13. Kwa karatasi hii (b) haijibiki.

---

Bakora2

23 imetokea mara mbili. Andika 23.

---

Mwl_Chaki

13 imetokea mara tatu. Hatupigi kura.

---

TuisheniYaJioni

Wakuu, saa tano inakaribia na mama ananisubiri. Nataka nimwandikie bila kumchanganya, na bila binti kuonekana mjuaji mbele ya mwalimu wake. Nimeandika hivi, mnionaje:

"Mama, swali lina kasoro, jibu la mtoto halitakiwi hivyo, mwalimu wao akosoe karatasi."

---

Mwl_Chaki

Umemhukumu mtu ambaye hujaona nakala yake. Unachojua ni kwamba *nakala uliyotumiwa* haikubaliani yenyewe kwa yenyewe. Kama ya mwalimu ni nzima, utakuwa umemvunjia heshima bure. Sema ulichokiona, onyesha watoto 5 wasio na mahali, taja marekebisho unayoyadhani kwa jina la dhana, na useme nini kingemaliza ubishi. Mfano:

"Mama, nimeisoma nakala hii. Namba zilivyo, 18 + 12 + 5 ni 35, na darasa lina 40, kwa hiyo wanafunzi 5 hawaingii popote. Binti hakukosea kupata −5. Ukingo wa kulia umekatwa na huenda kuna neno limepotea, au namba moja imechapwa vibaya, siwezi kujua ipi. Sehemu (a), marekebisho mengi yanatoa 5, na majibu ya nyuma yanasema 5. Sehemu (b) inaweza kuwa 23 au 13, siwezi kuchagua. Aandike kazi yake yote ikiwemo −5, chini yake aandike 'nikichukulia kwamba ni Hisabati tu na Fizikia tu, (a) ni 5 na (b) ni 23', na amwombe mwalimu aangalie nakala yake."

Asifute −5. Ndiyo sehemu bora ya kazi yake.

---

Shangazi_wa_Kisauni

Nami ningeongeza asalimie kwanza. "Shikamoo mwalimu, naomba tuangalie swali la 7 pamoja." Mtoto akianza na "swali lako si sahihi" hata kama ni kweli atakaa nje.

---

TuisheniYaJioni

Nimetuma vilevile, pamoja na shikamoo ya Shangazi. Mama kajibu: "Asante mwalimu. Kwa hiyo aandike ngapi?"

---

Bakora2

😂😂😂 Nampenda huyu mama.

---

TuisheniYaJioni

Nimempigia simu ikawa rahisi zaidi. Nilimwambia achukue maharage 40 sahanini ayagawe. Alipobaki na matano mkononi akanyamaza, kisha akasema "kumbe". Akamwita binti, wakapanga tena pamoja.

---

TuisheniYaJioni (kesho yake, mchana)

Mrejesho. Binti amekusanya kama tulivyoshauriana. Mwalimu wao kasema karatasi aliitoa kwenye kitabu cha rafiki yake, hana kitabu chenyewe, atakiomba. (a) amempa alama. (b) ameiacha wazi kwa darasa zima mpaka kitabu kipatikane. Wenzake watatu walikuwa wameandika 23, mmoja 13, wengine 18.

Jambo jingine. Ukurasa uleule, swali la 8: pembetatu yenye pembe mraba, upande mrefu kabisa sentimita 10, na kimo kutoka kwenye pembe mraba mpaka upande huo ni sentimita 6, tafuta eneo. Nusu ya 10 mara 6 ni 30, na majibu ya nyuma yanasema 30. Jana ningepiga tiki nikaendelea. Leo nimeikodolea macho.

---

Mwl_Chaki

Chora mstari wa sentimita 10, kisha nusu duara juu yake, mstari huo ukiwa kipenyo. Pembe mraba ya pembetatu yako lazima ikae juu ya hiyo nusu duara, popote utakapoipeleka. Sasa pima mahali pa juu kabisa pa nusu duara pako kimo gani kutoka kwenye mstari.

---

TuisheniYaJioni

Tano.

---

Bakora2

Haya, nani ana namba ya huyo rafiki mwenye kitabu?